Kumwomba wakala wa forodha wa Kigoma dakika ishirini za kumuuliza kazi yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mwandaaji wa nyaraka za forodha hapa Kigoma. Mizigo yangu mingi ni ile inayoshuka na treni au malori kutoka Dar es Salaam ikielekea Bujumbura, Uvira na Kalemie. Haipiti wiki mbili bila kijana kunitumia ujumbe unaoanza na "kaka naomba koneksheni". Wengi siwajibu, na sababu zake nitazieleza hapa chini. Wachache niliokaa nao waliomba kitu kidogo, wakakiomba vizuri. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wao, na wazazi wao, na dada mmoja wa ofisi ya jirani anayewaelekeza kwangu bila hata kuniuliza.

## Mambo ya mwanzo

Haya ni mazungumzo ya namna gani?

Unamwendea mtu anayefanya kazi ambayo unafikiria kuiingia, unamwomba muda mfupi, unamuuliza kazi hiyo ilivyo, unashukuru, unaondoka. Dakika kumi na tano mpaka ishirini zinatosha. Hupeleki vyeti, hupeleki barua ya maombi, na hutoki na kazi.

Kwetu kuuliza si jambo geni. Mtu akitaka kuchonga mtumbwi anakwenda kukaa na mchongaji. Ugumu unakuja kwenye kazi za ofisini, ambako kila anayebisha hodi anadhaniwa anatafuta ajira au msaada wa pesa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ombi lako ni kumtoa mtu kwenye dhana hiyo mapema.

Kwa nini nimsumbue mtu wakati naweza kusoma mwenyewe?

Soma kwanza, kisha kamuulize yale ambayo hayakuandikwa. Viwango vya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki vimeandikwa: 0, 10, 25 na 35 kwa mia, na hicho cha 35 kilianza Julai 2022. Ukija kuniuliza hivyo, umetumia dakika zako vibaya na mimi nimejua hukusoma.

Ambacho hakijaandikwa ni kwamba katika kazi hii unaweza kushinda siku nzima hujagusa karatasi hata moja kwa kuwa mfumo umelala, halafu ukaamka saa tisa usiku umerudi. Au kwamba mtu mpya hupewa kwanza kukimbiza mafaili kwa miezi mingi kabla ya kukaa mbele ya kompyuta. Hayo ndiyo ya kumuuliza mtu.

Kuna jambo moja ambalo lazima nilijue kuhusu kazi hii kabla sijamwandikia mtu?

Lipo, na ndilo linaloeleza kwa nini mawakala ni wagumu kuzungumza na wasiowajua. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamchukulia wakala kana kwamba ndiye mwenye mzigo. Ushuru usipolipwa, wakala anadaiwa. Mzigo wa kupita tu, yaani wa Burundi au Kongo, unasafiri nchini bila kulipiwa ushuru kwa sababu kuna dhamana iliyowekwa. Ukipotelea njiani, au ukashushwa ukauzwa hapa, dhamana hiyo inaguswa.

Sasa jiweke kwenye nafasi yake. Namba asiyoijua inamtumia ujumbe: "Kaka, mizigo ya Kongo huwa inapitaje?" Anajiuliza huyu ni mwanafunzi, ni mshindani, ni mtu wa njia za panya au ni mpelelezi. Jibu rahisi kuliko yote ni kukaa kimya. Ombi zuri linamwondolea wasiwasi huo kwenye sentensi mbili za kwanza.

## Kumpata mtu wa kumuuliza

Nimtafute mwenye kampuni au mfanyakazi wake?

Mfanyakazi, tena aliyeanza miaka miwili mpaka mitano iliyopita. Mwenye kampuni atakueleza leseni, wateja na madeni, ambayo ni mambo yake ya sasa. Jinsi ya kuanza amekwisha kuisahau, na alianza wakati mambo ni tofauti. Karani wa juzi anakumbuka alilipa nini, alisoma wapi na nani alimfokea siku ya kwanza.

Ofisi ya uwakala hapa kwetu haina watu wengi. Kuna anayekimbiza mafaili kati ya ofisi, forodha na bandari. Kuna anayejaza tamko la forodha kwenye mfumo. Kuna mhasibu, ambaye mara nyingi ndiye huyo huyo anayejaza tamko. Ukiweza, zungumza na wa kwanza na wa pili, kwa sababu ndizo nafasi utakazoanzia wewe. Makarani wa tali, wanaohesabu mizigo inaposhuka, si waajiriwa wa wakala, lakini wanaiona kazi ya wakala vizuri kuliko wakala anavyoiona ya kwao.

Simjui mtu yeyote bandarini. Naanzia wapi?

Kigoma ni mji mdogo na pengine unamjua mtu anayemjua mtu, ila hujauliza. Usianzie juu. Waulize wenye maduka ya jumla Mwanga wanaopeleka bidhaa ng'ambo, kwa sababu kila mmoja ana wakala wake. Waulize madereva wa malori, mafundi wa meli, mama anayepeleka chakula kwa wapakizi. Swali lako liwe dogo: "Unamfahamu kijana yeyote anayefanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha? Naomba nimuulize jambo." Usiseme "nitafutie kazi". Ukisema hivyo, yule mama atakwenda kukuombea kazi, na ukifika mimi nimeshaandaa sentensi ya kukukatalia.

Ukipata jina, mwombe aliyekupa ampigie mwenye jina simu ya kukutambulisha, au akuruhusu kumtaja. Kumtaja mtu bila ruhusa yake ni kosa linalojulikana siku hiyo hiyo.

Naweza kwenda tu getini nikamngojea?

Usifanye hivyo. Eneo la bandari haliingiwi bila kibali, na ukimsubiri nje utamkuta ana faili mkononi na mtu anamngoja upande wa pili. Mimi nimewahi kushikwa mkono pale na kijana wakati nina dakika kumi kabla dirisha halijafungwa. Nilimjibu vibaya, na bado najisikia vibaya, ila mkono wake nao haukuwa mahali pake.

Kwenda ofisini kwake, ambako kuna mlango na kiti cha wageni, ni sawa. Nenda asubuhi, jitambulishe kwa aliyepo, acha jina na namba kwenye karatasi, uliza ni siku gani unaweza kurudi. Ofisi nyingi zetu hazina katibu muhtasi, kwa hiyo utakayemkuta pale mbele huenda ndiye mtu wako mwenyewe.

## Kuandika ombi

Niandike nini hasa?

Huu hapa ujumbe alionitumia binti mmoja wa Gungu. Nimeondoa jina lake na la mtu aliyemtaja, mengine nimeyaacha yalivyo.

> Shikamoo kaka. Naitwa … naishi Gungu, nimemaliza diploma ya uhasibu mwaka jana. Namba yako nimepewa na mama … wa duka la jumla Mwanga, ameniruhusu nikutajie. Nafikiria kusomea cheti cha uwakala wa forodha, na kabla sijalipa ada ningependa kumsikia mtu anayeifanya kazi hiyo hapa hapa Kigoma. Naomba dakika ishirini wiki ijayo, siku na saa utakayopanga wewe, nitakufuata ulipo. Siombi kazi. Nina maswali manne kuhusu siku yako ya kazi ilivyo, sihitaji kujua habari za wateja wenu. Kama wiki ijayo mna meli, nitasubiri ipite.

Nilimjibu ndani ya saa moja. Kilichonifanya nijibu si adabu peke yake, maana wengi wana adabu. Ni kwamba nilijua ni nani, ametoka kwa nani, na kwa nini anauliza sasa hivi na si mwaka ujao: ana ada mkononi na anataka kujua kama aitoe. Mtu anayetaka kuamua jambo ni rahisi kumsaidia. Anayesema "napenda sana hii kazi" sijui nimfanye nini.

Halafu ile "sihitaji kujua habari za wateja wenu". Hapo aligusa wasiwasi niliouelezea juu, kwenye swali la jambo la kujua kabla hujaandika. Na "kama mna meli" ilinionyesha kwamba ameshauliza mtu, anajua kazi yetu inakwenda na meli.

Kile cheti alichokitaja ni cha Afrika Mashariki, na kwa Tanzania kinafundishwa na Chuo cha Kodi, Dar es Salaam. Ukikijua kwa jina kabla ya kuandika, ujumbe wako unabadilika uzito.

Lazima niandike "siombi kazi"? Mbona kazi naitaka?

Unaitaka, na mimi najua unaitaka. Lakini neno hilo linanipa ruhusa ya kukaa na wewe bila kudaiwa kitu. Ukishaliandika, lishike. Kuna waliokuja wakasema hawaombi kazi, dakika ya tano wakatoa bahasha ya vyeti. Hapo mazungumzo hufa. Usiambatishe wasifu wako kwenye ujumbe wa kwanza kwa sababu hiyo hiyo. Nikiutaka nitauomba.

Nitume kwa WhatsApp, nipige simu au niandike barua?

Kwa mfanyakazi wa ofisi binafsi, andika WhatsApp au ujumbe wa kawaida. Kupiga simu bila kutangulia kunamkuta mtu mbele ya afisa forodha, na atakwambia "nitakupigia" kisha asipige. Barua ni kwa ofisi za serikali, na nimeieleza chini kwenye swali la maafisa.

Sauti ya kurekodiwa usitume. Siwezi kusikiliza dakika tatu nikiwa kwenye foleni, na siwezi kumwonyesha mwenzangu ili ajibu kwa niaba yangu.

Mtu mwenyewe ni rika langu. Nimwamkie shikamoo?

Kama ni rika lako, "habari za kazi, kaka" au "dada" inatosha. "Shikamoo" kwa mtu mnayelingana inamfanya ajihisi ameombwa pesa. Ukiwa huna hakika na umri, amkia. Hakuna aliyewahi kukasirika kwa kuamkiwa zaidi ya anavyostahili, isipokuwa dada mmoja wa ofisi ya pili aliyeniuliza kama anaonekana mzee. Epuka "bosi" na "mheshimiwa". Neno la kwanza ni la mtaani, la pili ni la bungeni.

Nitume lini?

Hili watu hawalifikirii, na ndilo linaloua maombi mengi mazuri. Siku meli inapakia, hakuna anayesoma ujumbe. Jumatatu asubuhi vilevile, kwa sababu kuna yaliyolala tangu Ijumaa. Mimi nasoma vizuri Jumatano au Alhamisi, mchana baada ya chakula.

Desemba iache kabisa. Leseni za mawakala huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, na wiki za mwisho ofisi nzima inahangaika na kuhuisha. Kijana aliyeniandikia Desemba 28 nilimjibu mwezi wa pili, naye alikuwa ameshakata tamaa akahamia Uvinza.

Meli utajuaje? Muulize yule aliyekupa namba, au mtu yeyote wa Kibirizi. Habari za meli mji huu hazifichiki.

Amesoma, tiki zimekuwa za bluu, hajajibu. Nifanye nini?

Subiri siku saba kamili. Kisha tuma ujumbe mmoja mfupi chini ya ule wa kwanza: "Habari za kazi kaka, nakukumbusha tu ombi langu la wiki iliyopita. Kama nafasi haipo naelewa kabisa." Huo wa pili ndio unaojibiwa mara nyingi, kwa sababu wa kwanza ulisomwa wakati mtu amesimama akausahau.

Baada ya huo, nyamaza. Usimtume yule mama wa duka akamuulize. Mtafute mtu mwingine. Ukikutana na wa kwanza barabarani, msalimie bila kugusia.

## Siku yenyewe

Tukutane wapi, na nani analipa soda?

Mahali anapotaja yeye, ilimradi ni mchana na pana watu. Ofisini kwake ni pazuri kuliko mgahawani, maana utaona mafaili yalivyopangwa na simu inavyolia. Mkikutana mgahawani, wewe uliyeomba jiandae kulipa soda au chai yake. Asilimia kubwa watakukatalia, na wewe usishindane. Huhitaji kupeleka zawadi. Kijana mmoja alinipelekea migebuka ya kukaushwa, nikaila, lakini tangu hapo nikawa najisikia nadaiwa, na sikumpigia tena.

Niulize nini katika dakika ishirini?

Maswali manne, basi. Nitakueleza ya yule binti wa Gungu na jinsi siku ile ilivyokwenda, kwa sababu ndiyo mfano bora nilionao.

Swali lake la kwanza: "Jana ulifika ofisini saa ngapi, na ulifanya nini mpaka saa nne?" Angalia kwamba hakuuliza "siku yako huwaje". Ukiulizwa siku yako huwaje, unajibu kama tangazo. Ukiulizwa jana, unakumbuka. Nilijikuta namweleza kwamba asubuhi yote ya jana niliisubiri ankara kutoka kwa mteja, kwa sababu aliyoleta ilikuwa na uzito tofauti na hati ya usafirishaji.

La pili: "Mzigo unapokwama hapa, mara nyingi unakwama kwenye karatasi gani?" Sikufika mbali na jibu hilo, simu ikalia. Mzigo wa mafuta ya kula ulikuwa unashushwa. Hati ilisema katoni 600, karani wa tali amehesabu 594. Nikamwomba radhi, naye akaniambia, "Kaka, naweza kukaa nikasikiliza?"

Akakaa. Alinisikia namuuliza karani kama amehesabu mara mbili na kama kuna katoni zilizopasuka zikawekwa pembeni. Nikampigia dereva, akaapa lakiri haikuguswa njiani. Nikampigia aliyepakia Dar es Salaam. Yule binti alishangaa kwa nini nisiandike 600 tu, tofauti ni sita. Nikamwambia: nikiandika 600 na meli ikapokea 594, sita zimebaki Tanzania bila ushuru, na karatasini aliyeziacha ni mimi. Nikiandika 594, lazima nieleze zile sita kwa forodha leo, na huenda mteja wangu akadaiwa ushuru wake. Mwisho katoni nne zilipatikana pembeni zimelowa, mbili hazikuonekana, tukaandika taarifa ya upungufu wa mbili.

Dakika ishirini zilikuwa arobaini, lakini kwa sababu yangu. Maswali yake mawili ya mwisho aliyauliza kwa haraka: mtu mpya anaanza kwa malipo gani, na kama ningekuwa na diploma ya uhasibu leo ningekwenda kusomea kile cheti kwanza au ningetafuta ofisi kwanza. Nilimjibu: ofisi kwanza, hata kwa kukimbiza mafaili, kwa sababu ukishaona nyaraka kwa macho, darasani unaelewa mara mbili.

Naweza kuuliza mshahara?

Uliza anayeanza anapata kiasi gani, usiulize yeye anapata ngapi. Na liwe swali la tatu au la nne.

Kuna maswali ya kuepuka?

Majina ya wateja, bei ambayo ofisi inatoza, na lolote kuhusu vitu vinavyopita bila karatasi. Hata ukiuliza kwa utani. Ziwa hili lina fukwe nyingi, kila mtu anajua, na hakuna anayetaka kulizungumza na mgeni.

Naruhusiwa kurekodi?

Hapana. Daftari na kalamu vinatosha, na vitoe mezani waziwazi. Ukiweka simu imeelekezwa kwangu, nitazungumza kama naongea na redio.

Dakika zimekwisha na bado anaongea.

Sema, "Kaka, dakika nilizoomba zimekwisha, sitaki kukuchelewesha." Akiendelea, ni kwa hiari yake. Kabla hujanyanyuka uliza jambo moja: "Kuna mtu mwingine unayeona ningefaa kumsikia?" Jina atakalokupa lina thamani kuliko majibu yote, kwa kuwa safari hii utakuwa na utangulizi wa mtu wa ndani. Jioni ile ile tuma shukrani ya sentensi mbili, ukitaja kitu kimoja alichosema. Yule binti aliandika: "Asante kaka, nitazikumbuka zile katoni mbili."

## Hali zenye utata

Ninayemtaka ni afisa wa TRA au wa Mamlaka ya Bandari. Ni sawa tu?

Si sawa. Mtumishi wa umma hana uhuru wa kueleza kazi ya ofisi yake kwa mtu yeyote anayemwandikia, na akikubali kukutana nawe pembeni watu wanaweza kuuliza mlikuwa mnazungumza nini, hasa wakiona sura yako baadaye kwenye ofisi ya wakala. Andika barua fupi kwa mkuu wa ofisi, eleza wewe ni nani na unataka kufahamu nini, peleka kwa mkono masjala, na uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Inachukua wiki kadhaa. Ukifika, uliza kuhusu njia ya kuingia kazini na masomo, usiulize kuhusu mizigo. Nafasi zenyewe za serikali hutangazwa hadharani, kwa hiyo afisa hata akikupenda hana cha kukupa.

Ameniambia ananisaidia, ila nimtumie "ya vocha" kwanza.

Usitume, na usibishane naye. Mwambie asante, utajipanga, kisha achana naye. Mazungumzo haya hayauzwi. Anayetaka elfu kumi ya vocha leo atataka laki ya "kukuingiza" mwezi ujao, na kazi yenyewe mara nyingi haipo.

Mimi ni binti, na amependekeza tukutane jioni nyumbani kwa rafiki yake.

Jibu kwa ujumbe ulioandikwa: "Naomba tukutane ofisini saa za kazi." Mtu mwema atakubali bila maneno. Akisisitiza, umeshapata jibu lako. Unaweza pia kwenda na dada au mwenzako tangu mwanzo na kusema hivyo kwenye ombi, mimi binafsi nimewahi kupokea wawili na hapakuwa na shida yoyote.

Kama amekuwa na mamlaka ya kukupa kazi au nafasi na akakuomba ngono ili akupe, hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Hifadhi meseji zote. TAKUKURU wanapigiwa bure kwa 113.

Ameniambia nije "kujifunza" ofisini bila malipo. Nikubali?

Uliza mambo mawili kabla: kwa muda gani, na utakaa karibu na nani. Mwezi mmoja kando ya anayejaza matamko una faida. Miezi sita ya kununua vitumbua na kupeleka bahasha ni utumishi wa bure. Na kitu kimoja usikikubali hata ukiwa na hamu kiasi gani: kuingia kwenye mfumo kwa jina na neno la siri la mtu mwingine. Kosa litakaloingia humo halitakuwa na jina lako, lakini atakayefukuzwa utakuwa wewe.

Niko Kibondo, nauli ya kuja mjini ni kubwa.

Omba kwa simu. Badilisha sentensi moja tu kwenye ule ujumbe wa juu: badala ya "nitakufuata ulipo", andika "nitakupigia mimi saa utakayopanga". Uwe na salio la kutosha na ukae mahali penye mtandao. Ukikatika mara tatu, mwombe radhi, mwandikie maswali mawili yaliyobaki na umwache ajibu akipata nafasi. Na kama uko Kasulu au Kibondo, angalia kwanza kama karibu na wewe kuna wakala anayeshughulika na mpaka wa Manyovu au Mabamba. Kazi ya nchi kavu haifanani sana na ya ziwani, na huenda ndiyo inayokufaa.

Nimemsikia, na sasa naona kazi hii siitaki. Nimwambie?

Mwambie. Yule binti wa Gungu aliniandikia baada ya wiki tatu kwamba amezungumza na watu wawili zaidi, akaona kuwajibika kwa mzigo ambao hukuupakia mwenyewe si jambo atakaloweza kulala nalo, na ada ameiacha benki. Sikukasirika hata kidogo. Sasa anafanya hesabu kwenye ofisi ya malori hapa hapa mjini, na hati zake za mizigo zikifika kwangu huwa katoni zimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno.